Barua ya meneja anayestaafu kuwaalika wenzake wikendi ya kuagana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikuwa katibu muhtasi kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo nilichapa barua tatu za mameneja waliokuwa wanastaafu na waliotaka kutoka na wenzao siku moja au mbili, mbali na ofisi, waagane vizuri. Mbili zilikwenda salama. Moja ilianza vibaya, tukaivunja na kuiandika upya, na hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo nitairudia humu kila mara. Idara ilikuwa na watu 23, ukiwajumlisha madereva, walinzi na wahudumu, bila kumhesabu meneja mwenyewe. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na makatibu wenzangu, na mara chache na mameneja wenyewe, ambao huuliza kwa sauti ya chini.

Barua ya kwanza ilikosea wapi?

Ilikuwa fupi na Kiswahili chake hakikuwa na kasoro:

"Ndugu wafanyakazi, ninapokaribia mwisho wa utumishi wangu, ninayo furaha kuwaalika nyote katika wikendi ya mapumziko na kuagana. Mahali ni pazuri na pametulia. Ratiba itatolewa baadaye. Natarajia kuwaona wote."

Kabla ya saa za kazi kwisha siku hiyo, watu watatu walikuwa wamekwisha kupita mezani kwangu. Mhudumu wa ofisi aliinama akaniuliza, "Dada, hii tunakatwa kwenye mshahara?" Dada wa masijala alitaka kujua kama aje na mumewe. Wa tatu, kijana aliyeajiriwa mwaka uleule, aliuliza kama asipokwenda itaandikwa mahali. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumuuliza meneja, ambaye mlango wake ulikuwa wazi hatua sita kutoka hapo.

Tatizo lilikuwa ni nani anasema na nani anaambiwa. "Natarajia kuwaona wote" ukiisikia kwa jirani ni ukarimu. Ukiisikia kwa mtu anayesaini likizo yako ni amri iliyovaa nguo za sherehe. Na "ratiba itatolewa baadaye" kwa mtu mwenye mtoto mchanga au mwenye kibarua cha Jumapili maana yake ni kwamba hawezi kupanga lolote, basi anakaa kimya. Zikapita siku 9. Hakuna aliyekataa, wala hakuna aliyekubali. Wote walisema "tutaangalia." Kama umetuma mwaliko na jibu unalolipata kila kona ni "tutaangalia," jua barua haijajibu jambo ambalo watu wanaona aibu kuliuliza.

Iandikwe kama barua rasmi au ya kirafiki?

Ya kirafiki, na iwe hivyo kuanzia juu kabisa ya karatasi. Ukiweka nembo ya ofisi, kumbukumbu namba na ile "Yah:" iliyopigiwa mstari, umekwisha kuifanya safari ya kikazi. Hapo watu wana haki ya kuuliza posho, na ofisi ina haki ya kuuliza ni nani aliyeidhinisha. Meneja wangu alitaka hata kuanza na "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu." Nilimwambia, mzee, hakuna mtu aliyewahi kwenda kupumzika kwa kurejea kichwa cha habari.

Karatasi nyeupe, tarehe, salamu ya "Wenzangu," na mwishoni jina bila cheo. Kama inatumwa kwa barua pepe, itoke kwenye anwani yake binafsi. Kuna na sababu ya kawaida kabisa ya kufanya hivyo: anwani ya ofisi huenda ikafungwa siku anayoondoka, na majibu ya waliochelewa yatapotelea humo.

Safari iwe kabla ya siku yake ya mwisho kazini, au baada?

Baada. Wengi hupinga hapa, wanasema watu wakishatawanyika hawakusanyiki tena. Lakini wanaoalikwa hawaendi popote. Anayeondoka ni mmoja tu. Wiki mbili baada ya kustaafu, anayewaalika si bosi tena. Hasaini likizo zao wala hajazi fomu za tathmini. Mtu anaweza kukataa bila kuhesabu hasara, na akikubali unajua amekubali kwa moyo wake.

Barua yenyewe, lakini, inatumwa akiwa bado kazini, ili watu waipate pamoja na waulizane. Kwa hiyo kabla haijatoka, mambo mawili yawe yamekwisha. Kwanza, kustaafu kwake kuwe kumetangazwa rasmi. Isije ikawa barua ya mwaliko ndiyo inayopasua habari. Pili, tathmini za utendaji za mwaka huo ziwe zimesainiwa na kukabidhiwa. Barua yetu ya kwanza ilitoka huku fomu 23 zikiwa bado zimelala kwenye meza yake. Sasa fikiria yule kijana aliyeniuliza kama itaandikwa mahali. Hakuwa mjinga.

Kwa muda, nimeona wiki 6 au 7 kabla ya safari zinatosha. Chini ya wiki 4 wenye familia hawawezi kujipanga. Ukizidisha miezi 3 watu hukubali kwa urahisi kisha husahau.

Aalikwe nani?

Weka mpaka unaoweza kuusema kwa sentensi moja, na kila aliye ndani ya mpaka huo aalikwe bila kuchaguliwa. "Wote wa idara yetu, pamoja na madereva, walinzi na wahudumu wa ghorofa yetu" ni mpaka. "Wale tuliofanya kazi kwa karibu" si mpaka. Ni orodha ya siri, na kesho yake kila mtu ataijua.

Wenza na watoto ni uamuzi wa mwalikaji, mradi tu auseme. Kinacholeta shida ni kutotaja. Meneja wetu aliamua waje wenyewe bila familia, na nilimshauri amwache mkewe nyumbani vilevile. Huwezi kumwambia mtu amwache mumewe halafu wewe ukashuka kwenye basi umeshikana mkono na wako.

Anayechukua nafasi yake aalikwe kama ametoka ndani ya idara. Kama ametoka nje, mimi ningemwacha. Watu wakimwona bosi mpya mezani watakaa wima usiku kucha.

Suala la fedha liandikwe vipi bila kuonekana linajisifu?

Liandikwe kwa sentensi mbili zisizo na mapambo: hiki nalipa mimi, hiki utajilipia. Watu hudhani ukitaja fedha unaharibu uungwana wa barua. Ukweli ni kwamba ndilo swali la kwanza analojiuliza kila msomaji, na mwenye mshahara mdogo ndiye anayeliuliza kwa uchungu zaidi na ndiye asiyethubutu kulitamka.

Kama meneja ana uwezo wa kulipa vyote, alipe usafiri, kitanda na chakula, aseme hivyo. Kama hana, kuna njia ambayo mwenzake mmoja aliitumia na ikafaa: alipunguza safari, hakuwapunguzia wageni. Badala ya kulala nje usiku mmoja walikwenda asubuhi wakarudi jioni, akalipa yote. Kinachokwama ni kile cha katikati, kwamba meneja analipa nusu na kila mmoja anachangia iliyobaki. Kiasi kinachoonekana kidogo kwa mhasibu si kidogo kwa mlinzi, na atakayekosa hatasema amekosa fedha. Atasema ana msiba.

Ikiwa hakuna budi wachangie, kiasi kitajwe kwenye barua, tarehe ya kulipa itajwe, na mpokeaji awe mtu mwingine, si mwalikaji.

"Mpango rahisi" una vitu vingapi?

Vinne: muda wa kuondoka, shughuli moja ya pamoja ambayo si lazima, mlo mmoja ambao wote mtakuwepo, na muda wa kurudi. Ule wa kurudi ndio watu huusahau kuuandika, na ndio wasomaji huutafuta kwanza. Mama mwenye watoto anaanzia mwisho: nitakuwa nyumbani saa ngapi Jumapili?

Mpango wa kwanza wa meneja wetu ulianza Ijumaa saa 9:00 alasiri na ulikuwa na vipengele 11, pamoja na mashindano ya kuvuta kamba. Nilimuuliza maswali mawili. La kwanza, hiyo Ijumaa alasiri watu watakuwa wameruhusiwa na nani, maana wewe hutakuwepo na meneja mpya atakuwa na wiki mbili tu kwenye kiti? La pili, ni nani kati yetu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea atavuta kamba? Tukafuta Ijumaa nzima. Safari ikawa ya Jumamosi asubuhi hadi Jumapili mchana, usiku mmoja badala ya mbili, na hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa isipokuwa walinzi wa zamu. Hao, meneja alizungumza mapema na mpanga zamu kabla barua haijatoka.

Shughuli ya pamoja isiwe ya kushindana wala ya kuhitaji vifaa. Matembezi ya saa moja kwenye njia tambarare yanatosha. Watu wakitembea wawili wawili husema mambo ambayo mezani hawawezi kuyasema. Na hakikisha mnafika kabla ya giza; dereva asiyeifahamu barabara ya mwisho ya vumbi hupotea mita mia tatu kabla ya geti.

Tunaweza kuona barua yenyewe ilivyokuwa ilipoandikwa upya?

Hii hapa. Jina nimeliondoa.

> 27 Mei
>
> Wenzangu,
>
> Kama mnavyojua, siku yangu ya mwisho kazini ni Ijumaa tarehe 28 Juni. Ningependa tukutane tena baada ya hapo, mbali na simu za ofisi. Nawaalika Jumamosi tarehe 13 na Jumapili tarehe 14 Julai kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya ziwa, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka hapa.
>
> Mwaliko huu ni wangu binafsi. Si safari ya kikazi. Hakuna kikao, hakuna posho, hakuna mahudhurio. Wamealikwa wote wa idara yetu, pamoja na madereva, walinzi na wahudumu wa ghorofa yetu. Naomba tuje wenyewe bila wenza na watoto, na mke wangu naye atabaki nyumbani.
>
> Basi la kwenda na kurudi, kitanda cha usiku mmoja na milo yote ya hapo nalipa mimi. Utajilipia vinywaji vya ziada na chochote utakachonunua mwenyewe. Tutalala wawili wawili kila chumba, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Zawadi nawaomba msichangishane. Wengi wenu mmekwisha kunipa miaka yenu.
>
> Mpango ni huu. Jumamosi basi linaondoka getini saa 2:00 asubuhi. Chakula cha mchana ni saa 7:00. Saa 10:00 alasiri anayependa tutatembea kando ya ziwa kwa muda wa kama saa moja, njia ni tambarare, asiyependa apumzike. Saa 1:30 usiku tutakula pamoja, na hapo ndipo tutakapoagana. Jumapili basi linaondoka saa 5:00 asubuhi, na kufikia saa 8:00 mchana tutakuwa tumerudi getini.
>
> Nakumbuka usiku ule umeme ulipokatika tukafunga hesabu za mwaka kwa mwanga wa simu, mmoja anasoma tarakimu, mwingine anaandika, wa tatu anacheka. Nataka tukae hivyo tena, safari hii bila hesabu.
>
> Tafadhali mjibuni katibu, si mimi, hadi Ijumaa tarehe 14 Juni. Mwambieni mambo mawili: unakuja au huji, na kama kuna chakula usichokula au jambo la afya ambalo wenyeji wetu inafaa walijue. Anayeshindwa hahitaji kutoa sababu. Ambaye hatakuwa amejibu hadi siku hiyo nitajua ana shughuli nyingine, na sitamuuliza.
>
> Mwenzenu,

Nilipoisoma kwa mara ya mwisho nilitoa sentensi moja tu, iliyosema "mahali ni pazuri sana." Anayealika hasifii kwake.

Kwa nini majibu yapitie kwa katibu?

Kwa sababu kumwambia bosi "siji" ana kwa ana ni kazi ngumu, na mtu akishindwa kuifanya atasema "nakuja" halafu asitokee. Kitanda chake kitakuwa kimelipiwa. Kumwambia katibu ni rahisi. Unapita mezani, unasema, unaondoka. Mimi niliandika kwenye daftari nyuma ya meza, si kwenye karatasi ya kuzungushwa ofisini. Karatasi ya kuzungushwa humlazimisha wa kumi kuangalia tisa waliotangulia wameandika nini.

Kipengele cha "hahitaji kutoa sababu" meneja alikiona cha baridi, akataka tukiondoe. Nilikiombea kibaki. Bila hicho, kila anayekataa hutunga sababu, na sababu za kutunga zina tabia ya kugundulika Jumatatu. Walioshindwa walikuja wakasema "siwezi" na hawakuongeza neno. Mmoja alinishukuru.

Idadi na vyumba vinahesabiwaje?

Hapa ndipo fedha za mwalikaji hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Kabla ya barua kutoka, ulizeni nyumba ya wageni tarehe ya mwisho ya kupunguza vyumba bila kutozwa. Kwetu ilikuwa Ijumaa tarehe 21 Juni, wiki tatu na siku moja kabla ya safari. Tarehe ya watu kujibu ikawekwa wiki nzima kabla ya hiyo, ndiyo maana barua inasema tarehe 14. Ukiziweka siku moja, utajikuta unawabana wenyeji jioni huku waliochelewa wakiendelea kujibu. Ukiigeuza, yaani watu wajibu baada ya tarehe ya wenyeji kupita, utalipia vitanda vya hewa.

Mwanzoni tulishika vyumba kwa ajili ya wote, kana kwamba kila mtu atakuja. Idara ilikuwa na wanawake 13 na wanaume 10. Wawili wawili, wanawake wanahitaji vyumba 7, maana wa mwisho analala peke yake, na wanaume 5. Ongeza chumba kimoja cha mwalikaji, jumla 13. Kufikia tarehe 14 Juni, 12 walikuwa wamesema wanakuja, 7 wamesema hawaji, na 4 kimya. Kati ya wanaokuja, wanawake walikuwa 7 na wanaume 5. Kwa hiyo vyumba 4 na 3, na cha meneja, jumla 8. Jumatatu tarehe 17 nikapiga simu, tukarudisha vyumba 5.

Angalia kilichotokea hapo. Wanawake 7 na wanaume 5 zote ni witiri, basi palikuwa na kitanda kimoja kitupu upande wa wanawake na kimoja upande wa wanaume. Meneja aliona ni hasara, akataka kulala na yule mwanamume aliyebaki peke yake ili tupunguze chumba. Nilikataa kabisa. Hakuna mtu anayelala vizuri na aliyekuwa bosi wake kitanda cha pili. Na vitanda vile viwili vitupu ndivyo vilivyotuokoa: mmoja wa wale wanne waliokaa kimya alikuja tarehe 3 Julai akiwa na haya usoni, akauliza kama nafasi bado ipo. Ilikuwepo, upande wa wanaume, bila kuongeza chumba. Siku mbili kabla ya safari dada mmoja akaugua. Waliokwenda wakawa 12, idadi ileile tuliyoanza nayo, ingawa si watu walewale.

Nani alale na nani, waulize wenyewe wachaguane. Aliyebaki bila mwenza apewe chumba peke yake na asielezwe sana.

Basi liagizwe baada ya hesabu hii, si kabla. Tulikuwa tumeshaangalia la abiria 30. Likatosha la 18, na mizigo ikapata viti vyake.

Kundi la WhatsApp lifunguliwe lini?

Baada ya tarehe ya majibu kupita, na waingizwe wanaokwenda tu. Ukifungua kundi siku ya barua ukawaingiza wote 23, asiyekwenda atalazimika kujitoa mbele ya macho ya wenzake, na jina lake litaonekana kwenye orodha ya waliotoka kundini. Baada ya safari lifungwe, au angalau meneja ajitoe. Mstaafu aliyebaki kwenye kundi la kazi anajua mambo ambayo hayamhusu tena.

Kumbukumbu na shukrani ziwe kiasi gani ndani ya barua?

Kumbukumbu moja, iliyo ya wote, yenye kitu kinachoonekana kwa macho. Ule mwanga wa simu ulitosha. Rasimu ya kwanza ya kuandika upya ilikuwa na aya mbili za historia, tangu alipoajiriwa akiwa karani, na ndani yake majina 8 ya kushukuriwa. Nilimuuliza wale 15 waliobaki watajisomaje. Akayafuta yote 8. Shukrani za mtu mmoja mmoja zisemwe usiku ule mezani, au kwa mkono, kwa karatasi ndogo. Hapo zina nafasi.

Manung'uniko yasiingie hata kwa utani. Alikuwa na sentensi kuhusu ngazi za juu zilizochelewesha maombi yake ya vifaa. Barua husambaa, na wanaobaki ndio wanaoulizwa.

Vipi kuhusu hotuba, vileo, na zawadi ambazo watu watanunua hata hivyo?

Hotuba: mwalikaji aseme dakika 5, kisha yeyote anayetaka aseme akiwa amekaa. Msiandae orodha ya wazungumzaji. Vileo: dereva asinywe tangu Jumamosi jioni, hilo aambiwe siku anayokodiwa, si mezani. Zawadi: watachangishana, utake usitake. Ile sentensi ya kukataza haiwazuii. Kazi yake ni kumpa asiye nacho maneno ya kusema wakati daftari la mchango linapomfikia.

Tutume ukumbusho?

Mmoja, wiki moja kabla, kwa wanaokwenda peke yao, mistari mitatu: basi saa 2:00 asubuhi, njoo na viatu vya kutembelea na kitu cha kujifunika usiku, namba ya dereva ni hii. Waliokaa kimya wasikumbushwe. Barua iliahidi hawataulizwa, na ahadi hiyo ikivunjwa mara moja watu watajua hata ile ya kutotoa sababu ilikuwa maneno tu. Hili lilimtesa meneja wetu kuliko yote. Kila asubuhi alikuwa anasimama kwenye meza yangu akijifanya anatafuta kalamu, macho kwenye daftari langu. Nilikuwa namwambia idadi. Majina sikumwambia hadi tarehe 14 ilipopita.

Na wakikubali watu watano tu?

Basi nendeni watano. Usiandike barua ya pili ya kubembeleza, na usiahirishe. Tarehe mpya itawachanganya hata hao watano. Badilisheni ukubwa wa vitu: gari dogo badala ya basi, vyumba vichache, na ile shughuli ya alasiri mwaweza kuiacha kabisa, maana watu watano na mwenyeji wao tayari wanaweza kuzungumza bila kupangiwa. Tarehe ya kupunguza vyumba ikiwa haijapita, hakuna atakayepoteza kitu. Waliobaki wanaweza kuagwa ofisini Ijumaa ile ya mwisho, kwa chai, kabla watu hawajatoka, na hiyo ichukue nusu saa.